Kutumia glosari na memori ya tafsiri kwenye OmegaT bila kuvuruga ngeli

Kama unatafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili halafu unatumia programu ya memori ya tafsiri jinsi wanavyoitumia watu wa Kifaransa au Kijerumani, utaenda haraka kweli, ila utakabidhi kazi yenye "Ujumbe umefutwa. Haiwezi kurejeshwa." Programu haijui ngeli. Inaona sentensi ya Kiingereza imejirudia, inakuletea tafsiri ya jana, na upatanisho unaanguka bila wewe kushtuka. Hapa naeleza ninavyopanga glosari na memori ili nipate ile spidi na sarufi ibaki salama. Natumia OmegaT kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, lakini mawazo ni yale yale hata kama una programu nyingine.

Mfano tutakaoenda nao ni maelezo ya app ya kuhifadhi hati kwenye simu, kazi ya kawaida tu, kurasa kumi na kitu hivi.

Hatua ya 1: Fungua projekti, jua folda zake

Ukitengeneza projekti mpya OmegaT inakupa folda kadhaa. Faili la mteja unaweka `source`, tafsiri iliyokamilika itatokea `target`, orodha ya istilahi inakaa `glossary`, na memori za zamani unaziweka `tm`. Memori ya kazi unayoifanya sasa hivi inajiandika yenyewe ndani ya folda ya `omegat`, inaitwa `project_save.tmx`. Hiyo ndiyo mali yako, ifanyie bakapu kila siku, maana ikipotea kazi yote imepotea.

Hatua ya 2: Andika glosari kabla hujatafsiri sentensi hata moja

Soma hati yote kwanza. Usiandike kila neno, andika yale yanayojirudia NA yana zaidi ya tafsiri moja inayokubalika. Kwa kazi kama hii mi huwa napata maneno 30 mpaka 40, ukifika 200 ujue umeanza kutengeneza kamusi na hutaisoma tena.

Glosari ya OmegaT ni faili la maandishi matupu lenye safu tatu zinazotenganishwa na tabu, lihifadhi kwa UTF-8. Safu ya kwanza ni Kiingereza, ya pili Kiswahili, ya tatu maelezo. Watu wengi safu ya tatu wanaiacha tupu, na kwa Kiswahili hiyo ndiyo safu yenye kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu ndipo unapoandika ngeli na wingi:

```
file	faili	i/zi; wingi: faili (si mafaili)
message	ujumbe	u/zi; wingi: jumbe
device	kifaa	ki/vi; wingi: vifaa
update	sasisho	nomino; li/ya; wingi: masasisho
update	sasisha	kitenzi
download	pakua	kitenzi; usichanganye na pakia
upload	pakia	kitenzi; usichanganye na pakua
```

Angalia neno faili. Wapo wanaosema "faili limefutwa, mafaili yamefutwa" (mimi mwenyewe nikiongea nasema hivyo) na wapo wa "faili imefutwa, faili zimefutwa". Zote utazikuta zimeandikwa. Tatizo linakuja pale ukurasa wa 2 unasema limefutwa na ukurasa wa 9 imefutwa, msomaji anaona kama wameandika watu wawili. Kwa hiyo muulize mteja, au amua mwenyewe, kisha iandike kwenye safu ya tatu. Hapa mteja kachagua i/zi.

Neno lenye sura mbili kama `update` lipe mistari miwili, moja ya nomino na moja ya kitenzi. Ukiwa katikati ya kazi ukakutana na neno jipya bonyeza `Ctrl+Shift+G` uliongeze hapo hapo, usiseme utakumbuka baadaye.

Glosari inafanya kazi vizuri zaidi ukitoka Kiingereza kwenda Kiswahili. OmegaT ina kigawanya-maneno cha Kiingereza kinachojua `devices` ni `device`. Cha Kiswahili hakuna, kwa hiyo ukigeuza, yaani unatafsiri kutoka Kiswahili, glosari yenye "pakua" haitakushtua ukikutana na "alipoipakua". Hapo itabidi uongeze maumbo yanayojirudia sana wewe mwenyewe, au utegemee kutafuta kwa mkono.

Hatua ya 3: Memori ya mtu mwingine usiiamini siku ya kwanza

Mara nyingi mteja anakutumia faili la TMX kutoka kwa mtafsiri aliyetangulia. Unaweza kuliweka sehemu tatu na kila sehemu ina maana yake. Ukiliweka ndani ya `tm` tu, mechi, yaani sentensi za zamani zinazofanana na unayoitafsiri, zinaonekana pembeni na wewe ndiye unayeamua. Ukiliweka ndani ya `tm/auto`, sentensi zinazofanana kabisa zinajijaza zenyewe. Ukitengeneza folda inayoitwa `tm/penalty-030`, kila mechi kutoka humo inapunguziwa asilimia 30, yaani hata ile iliyofanana kabisa haitakuja kama 100.

Niliwahi kuweka TMX ya mteja kwenye `tm/auto` bila kuifungua kwa sababu deadline ilikuwa kesho yake, kumbe mtangulizi alikuwa ameandika pakua kwenye nusu ya sehemu za kupakia, zikajijaza zote na kwa jicho zilionekana zimeshatafsiriwa, ikabidi nirudie hati nzima sentensi moja moja usiku ule. Tangu hapo memori ya mtu inaanzia kwenye penalti. Nikishasoma sentensi kama hamsini zake nikaridhika, naihamishia `tm`. Kwenye `auto` naweka kazi zangu mwenyewe tu za mteja yule yule.

Hatua ya 4: Tafsiri, ukiangalia asilimia tatu

Ukiingia kwenye sentensi, dirisha la mechi linaonyesha sentensi za zamani zinazofanana. `Ctrl+R` inaweka mechi mahali pa sentensi, `Ctrl+U` inakupeleka kwenye inayofuata ambayo haijatafsiriwa. Kila mechi ina asilimia tatu, na ya mwisho ndiyo inayohesabu hata namba na tegi. Kwa hiyo kama mbili za mwanzo ni 100 na ya tatu iko chini, kitu cha kwanza kukagua ni namba: dakika 5 za zamani zinaweza kuwa dakika 15 leo.

Hatua ya 5: Sentensi zinazojirudia, hapa kaa kidogo

Kwenye hati yetu kuna vipande hivi:

```
The file has been deleted. It cannot be restored.
The message has been deleted. It cannot be restored.
```

OmegaT inakata kwa sentensi, kwa hiyo `It cannot be restored.` kila mahali ni segmenti ile ile. Ukiitafsiri kwenye faili "Haiwezi kurejeshwa", na ya ujumbe inajaa "Haiwezi kurejeshwa" papo hapo, wakati ilitakiwa iwe "Hauwezi kurejeshwa". Ingekuwa ni kifaa ingekuwa "Hakiwezi". Kiingereza kina `it` moja, sisi tunayo kwa kila ngeli.

Njia ya kwanza ni kuiambia programu kwamba hapa tafsiri ni tofauti. Simama kwenye ile segmenti ya ujumbe, nenda menyu ya `Edit`, chagua `Create Alternative Translation`, kisha andika "Hauwezi kurejeshwa". Zile nyingine zinabaki kama zilivyo. Udhaifu wake ni kwamba programu inaitambua ile tafsiri mbadala kwa kuangalia sentensi za jirani, kwa hiyo mteja akileta toleo jipya na jirani kabadilika, inarudi kwenye ile ya kawaida bila kukuambia.

Njia ya pili naipenda zaidi: andika tafsiri isiyobeba ngeli kabisa. Badala ya "Haiwezi kurejeshwa" andika "Hutaweza kurejesha tena", hapo mtendaji ni msomaji na inakaa sawa kwa faili, ujumbe, kifaa, chochote. Vivyo hivyo neno `Required` linalokaa peke yake pembeni ya kisanduku cha fomu, usiandike inahitajika au linahitajika, andika "Lazima" tu. Vipande vifupi vinavyojirudia mara ishirini vipe tafsiri za namna hii tangu mwanzo, memori itavijaza salama na wewe hutavirudia. Ikishindikana, yaani sentensi isiyobeba ngeli inasikika ngumu, ndipo urudi njia ya kwanza.

Hatua ya 6: Mteja akibadilisha neno katikati ya kazi

Umefika nusu, mteja anasema hataki "kifaa", anataka "simu" kila mahali. Usikimbilie kubadilisha yote kwa mkupuo. Utapata "simu chako kimeunganishwa", kwa sababu umetoka ki/vi kwenda i/zi na vitenzi vyote vimebaki nyuma. Rekebisha glosari kwanza, halafu fungua `Ctrl+F`, tafuta `device` kwenye Kiingereza, pitia matokeo moja moja ukirekebisha neno na upatanisho wake. Kila mara soma na sentensi inayofuata, maana kuna "Kimezimwa" imesimama peke yake ambayo ukitafuta "kifaa" huioni ng'o.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa mwisho

Kwa kila neno lililokuwa na utata wa ngeli natafuta ngeli niliyoikataa. Kwenye `Ctrl+F` chagua `Regular expressions`, tafuta ndani ya tafsiri:

```
\bfaili (l|hili)
```

Hii inakamata faili la, faili lako, faili limefutwa, faili hili. Itakuletea na "faili lakini", hiyo iruke. Halafu tafuta "mafaili" peke yake. Dakika kumi zinatosha kwa maneno yote yenye utata.

Sasa `Ctrl+D` itengeneze hati kwenye `target`, uifungue na kuisoma kama msomaji wa kawaida. Ukiona kosa, rudi ulirekebishe ndani ya OmegaT kisha utengeneze tena, usirekebishe kwenye Word, kwa sababu memori haitajua na mwezi ujao itakuletea kosa lile lile likiwa na 100% pembeni yake. Mhariri wa mteja naye akirudisha hati yenye masahihisho yake, hata kama kazi imeshalipwa, fungua projekti uyaingize, na kama amegusa istilahi yoyote, badilisha na mstari wake kwenye glosari. Kisha hifadhi memori ya mteja huyo kwenye folda yake peke yake, usiichanganye na ya mwingine: sentensi zilizomo ni za siri yake, na faili yake ya i/zi inaweza kuwa faili la li/ya kwa mteja wa pili.