Hesabu vijiti vyako kwanza, ndipo utafute wastani

Mwanafunzi wangu hapa Masasi alinitumia picha ya jedwali alilojaza ghalani, mkulima mmoja mmoja alipokuwa akishusha korosho. Upande wa kushoto kuna idadi ya magunia, 1 hadi 5, na upande wa kulia vijiti, kimoja kwa kila mkulima aliyeleta idadi hiyo. Alitaka wastani, mediani na modi. Nilipohesabu vijiti nikapata 3, 6, 6, 5 na 4, jumla 24. Nikamuuliza, wakulima walikuwa wangapi? "Ishirini na watano, mwalimu."

Ndiyo maana kabla ya kugusa kikokotoo, uliza idadi ya wote kwa aliyekusanya, isitoke kwenye jedwali lenyewe. Kisha kuza picha, uangalie mafungu. Kijiti cha tano hulazwa juu ya vinne kufunga fungu, na hicho ndicho kinachopotea kirahisi kwenye picha, hasa kikichorwa kwa penseli au kikilala sambamba na mstari wa daftari. Kwenye gunia 2 niliona vijiti vinne, nafasi, kisha viwili. Hilo haliwezekani: huwezi kuanza fungu jipya kabla ya kufunga la kwanza. Nikamwomba apige picha upya karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, na mkato ukaonekana. Walikuwa 7.

Usitegemee wastani ukushtue. Kwa 24, jumla ya magunia ni 73 na wastani ni kama 3.04. Kwa 25, ni 75 ÷ 25 = 3. Tofauti ni ndogo mno. Mediani nayo ilibaki 3. Modi ndiyo iliyoharibika: kwa kijiti kimoja tu kilichofichika, gunia 2 na gunia 3 zikalingana kwa 6, wakati kwa kweli 2 peke yake ndiyo modi. Na hata jumla ikikubali, pitia mafungu, maana mstari mmoja ukipunguzwa na mwingine ukiongezwa, makosa mawili hufichana.

Vijiti vikishakubali, viandike kwa tarakimu pembeni: 3, 7, 6, 5, 4. Zidisha kila idadi ya magunia kwa wakulima wake: 3 + 14 + 18 + 20 + 20 = 75. Gawa kwa wakulima 25, si kwa mistari 5. Ukigawa kwa 5 unapata 15, na hakuna aliyeleta zaidi ya gunia 5.

Kwa mediani, mtafute mkulima wa katikati kati ya 25, yaani wa 13. Jumlisha ukishuka: 3, 10, 16. Yumo kwenye gunia 3. Kuna anayechukua tu mstari wa katikati. Hapa angepata 3 vilevile, lakini kwa bahati. Modi ni gunia 2, si 7. Hao 7 ni wakulima, na swali linauliza magunia.