Somo: Kusoma kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe, na kwa nini maziwa yachemshwe hata ng'ombe akionekana salama

Ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kukaa miaka akila vizuri, akizaa na kukamuliwa kama kawaida. Akija kukonda na kukohoa, huenda ameshaambukiza wenzake. Kwa hiyo macho hayatoshi, anapimwa ngozi. Kipimo hufanywa na daktari wa mifugo, lakini mfugaji akielewa kinavyosomwa hatababaishwa na majibu.

Hatua ya 1: Kunyoa na kupima ngozi. Daktari hunyoa sehemu mbili shingoni, moja juu na nyingine chini yake, zikiachana kama sentimita 12. Hukunja ngozi ya kila sehemu, akapima unene wake na kuandika. Namba hizi ndizo msingi wa kila kitu. Zisipoandikwa siku hiyo, siku ya kusoma hakuna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Kudunga. Dawa ya kupimia inaitwa tuberkulini. Sehemu ya juu hudungwa ile iliyotokana na vijidudu vya kifua kikuu cha ndege, ya chini ile iliyotokana na vya ng'ombe, mililita 0.1 kila moja, ndani ya ngozi yenyewe na si chini yake. Sindano ikiingia sawasawa, ukipapasa utasikia kijipele kidogo kama punje.

Hatua ya 3: Kusoma baada ya saa 72. Aliyedungwa Jumatatu asubuhi husomwa Alhamisi asubuhi. Daktari hupima tena unene pale pale.

Tuwachukue ng'ombe watatu. Wa kwanza, juu ngozi imetoka milimita 8 hadi 10, chini imetoka 8 hadi 15. Juu imeongezeka 2, chini 7. Chini imezidi kwa 5. Kwa usomaji wa kawaida, chini ikizidi juu kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe huyo ameathirika. Wa pili, juu imeongezeka 3, chini 5. Tofauti ni 2, na hapo jibu halijulikani bado: anatengwa, anapimwa tena baada ya siku zisizopungua 42, kwa sababu ngozi iliyodungwa karibuni huwa haiitiki vizuri. Wa tatu, juu imeongezeka 6, chini 5. Huyu amevimba, tena sana, lakini alichokutana nacho ni vijidudu jamaa, si kifua kikuu cha ng'ombe. Ingedungwa sindano ya ng'ombe peke yake, wengi wangemhukumu bure.

Kipimo kina mianya yake. Ng'ombe aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita, aliyezaa karibuni, au aliyezidiwa kabisa na ugonjwa anaweza asivimbe. Huyo wa mwisho ndiye hatari kuliko wote, maana ndiye anayemwaga vijidudu vingi.

Hatua ya 4: Maziwa. Si kila ng'ombe mgonjwa anatoa vijidudu kwenye maziwa, lakini ugonjwa ukifika kiweleni, mmoja anatosha kuchafua pipa zima la maziwa yaliyochanganywa. Na mwanzoni maziwa hayo hayabadiliki rangi wala harufu. Joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua vijidudu hivi, ila nyumbani ni wachache wenye kipimajoto, kwa hiyo chemsha. Angalia hapa: maziwa hupanda na kutoa povu kabla hayajachemka kweli, kwa sababu utando wa juu umezuia mvuke. Wengi huepua hapo. Punguza moto, koroga, yaache yatokote huku ukiendelea kukoroga, ndipo uepue.

Maswali ya wanachama

Sisi hatunywi mabichi, tunagandisha mtindi. Uchachu si unaua?
Hauaminiki, ndugu yangu. Vijidudu hivi huvumilia uchachu. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo ugandishe. Siagi na jibini ni vivyo hivyo.

Daktari, ng'ombe akikutwa nao, hakuna sindano ya kumtibu?
Hatibiwi. Matibabu ni ya miezi mingi, na anaweza kubaki akiambukiza. Mtenge, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo, achinjwe chini ya ukaguzi. Usimuuze kwa jirani. Unahamisha ugonjwa tu. Ndama naye asipewe maziwa yake mabichi.

Mwanangu ana tezi shingoni kwa muda sasa, hakohoi. Tumekuwa tukinywa mabichi.
Mpeleke hospitali, mama, na hayo ya maziwa uyaseme wazi. Kifua kikuu cha kunywa mara nyingi hujitokeza kwenye tezi za shingo au tumboni, si lazima mapafuni, kwa hiyo kutokohoa hakumtoi mashakani. Tena vijidudu vya ng'ombe kwa asili havisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu. Daktari akijua chanzo, atajua apime nini na apange dawa zipi.