Jinsi ya kudai hela ya matangazo uliyokatwa na hayakuruka

Haya jamani, hela yangu imerudi juzi baada ya wiki saba, naandika kabla sijasahau. Nauza vitenge na madera hapa Kikuubo, Kampala, na nililipia kampeni tatu kwenye mtandao mmoja wa kijamii, sitautaja. Moja iliruka, mbili zilikataliwa kwenye ukaguzi na hazikuonyeshwa kwa mtu hata mmoja, lakini meseji ya benki ikaja ile ile: dola 47.20 zimekatwa.

Kwanza ingia kwenye taarifa ya kadi uone kama hela imekatwa kweli au imeshikiliwa tu. Ikiwa bado inasoma pending subiri siku chache, mara nyingi inarudi yenyewe, usijichoshe.

Sasa hapa ndipo mimi nilipoumia. Mtandao haukati kila tangazo siku yake, unangoja deni lako lifike kiwango fulani au ifike tarehe ya bili ya mwezi ndio unakata yote kwa mpigo, kwa hiyo hela iliyokatwa tarehe 14 inaweza kuwa ya matangazo ya tarehe 6 mpaka 13. Mimi sikujua, nikatuma skrinishoti ya ripoti ya tarehe 14 inaonyesha sifuri tupu, nikajiona nimewakamata. Jamaa wa saport akajibu kwa adabu zote ati tarehe hiyo haihusiani na malipo haya, akafunga tiketi, wiki mbili zikaenda hivyo. Na kumbe saa za akaunti yangu ya matangazo zilikuwa za Amerika tangu siku niliyoifungua, kwa hiyo hata siku yao inaanza huku sisi tumeshafungua duka.

Kwa hiyo usidai kwa tarehe ya benki, dai kwa namba ya muamala. Nenda kwenye ukurasa wa Billing, tafuta muamala wenye kiasi kile kile, nakili Transaction ID na upakue risiti yake. Risiti inaonyesha kila kampeni na hela yake na siku inazohesabia. Halafu fungua ripoti ya kampeni, weka siku hizo hizo za kwenye risiti, na upakue faili lenye safu za Impressions na Amount spent. Yangu risiti ilisema dola 12 ile iliyoruka, 18 na 10 zile mbili, juu yake VAT 7.20. Ripoti ya mtandao huo huo ikasema zile mbili Impressions 0, Amount spent 0.00. Wamejipinga wenyewe, na huo ndio ushahidi, si hasira zako. Ila kama Impressions si sifuri, hata kama hukupata mteja hata mmoja, hapo tangazo liliruka na njia hii haikufai.

Piga hesabu na kodi ndani. Zile mbili ni dola 28, VAT ya asilimia 18 juu yake ni 5.04, jumla nadai 33.04. Ukisahau hiyo kodi, hakuna atakayekukumbusha.

Kwenye chati utazungushwa na majibu ya mashine kwanza, vumilia mpaka apatikane mtu, mpe namba ya muamala, majina ya kampeni mbili, kiasi, na zile faili mbili, usiongeze hadithi. Omba namba ya kesi. Mimi walitaka kunipa krediti ya matangazo, na krediti ina tarehe ya kuisha, nikasema hapana, irudi kwenye kadi ile ile. Na hiyo kadi usiifunge kwa hasira, hasa ile ya mtandaoni ya mobile mani, maana hela ikirudi kwenye kadi iliyokufa utaanza kesi nyingine.

Benki iwe ya mwisho, ila usilale, maana kadi za Visa kwa kawaida zina siku 120 za kupinga malipo ya huduma ambayo haikutolewa. Dai 33.04 tu, si 47.20 yote, na ambatisha majibu ya mtandao, la sivyo dada wa kaunta atakwambia ukaongee na hao hao wa mtandao kama alivyoniambia mimi baada ya kupanga foleni tangu asubuhi. Na ujue benki ikishavuta hela kwa nguvu mtandao unaweza kuihesabu kama deni na kuifunga akaunti yako, kwa hiyo pakua kila kitu chako kabla hujasaini fomu.

Mimi sikufika huko, tiketi ya pili walikubali na dola 33.04 zikaingia. Kwa shilingi zimepungua kidogo na zile zilizotoka, benki ilinikata kwa reti yake ya kuuza dola na kunirudishia kwa reti ya kununua.