Riba ya 7.5% imetoka wapi? Kusoma ripoti ya mwaka ya mfuko wa providenti

Shemeji yangu anafanya kazi kiwandani hapa Kisumu. Juzi alinitumia ripoti ya mfuko wao wa providenti, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, na swali moja: "Wametangaza 7.5%. Hiyo ni nzuri au tunaibiwa?" Nitaeleza kwa tarakimu za kubuni ili usizifananishe na mfuko wowote.

Hatua ya 1. Pata hesabu zilizokaguliwa. Ile karatasi yenye picha za wadhamini na grafu za rangi iweke kando. Omba ripoti kamili yenye maoni ya mkaguzi na maelezo ya hesabu nyuma yake. Kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu vinatosha. Laptopu sitaki, kwa sababu tarakimu ukiziandika kwa mkono unaziona.

Hatua ya 2. Nakili tarakimu sita. Kwa mfano wetu, kwa milioni za shilingi: mfuko mwanzo wa mwaka 400, michango 48, mafao yaliyolipwa 28, mapato ya uwekezaji (riba, gawio, kodi za nyumba) 44, mabadiliko ya thamani hasi 4, gharama 6. Kwa hivyo faida halisi ni 44 toa 4 toa 6, yaani 34, na mfuko unafunga mwaka na 454. Isipolingana na ya mkaguzi, kuna mstari umeuruka.

Hayo "mabadiliko ya thamani" huwatisha watu bure. Riba za serikali zilipopanda mwaka 2023, hadi bondi ya miundombinu ya Februari 2024 ikatoka na zaidi ya 18%, bondi za zamani zenye riba ndogo zilishuka bei. Mfuko unaozishika hadi ziive bado unalipwa riba yake yote na mtaji wake, lakini hesabu ya mwaka huonyesha hasara.

Hatua ya 3. Gharama. Chukua wastani wa mfuko: 400 ongeza nusu ya (48 toa 28), unapata 410. Gharama 6 gawa kwa 410 ni karibu 1.5%. Ndani yake mna ada za msimamizi, meneja wa uwekezaji, mtunza mali na mkaguzi, tozo ya RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya uzeeni, pamoja na posho na mafunzo ya wadhamini. Linganisha na mwaka uliopita mstari kwa mstari. Angalizo: kama pesa ziko kwenye mfuko wa dhamana wa kampuni ya bima, ambapo kampuni huahidi riba isiyoshuka chini ya kiwango fulani, gharama kwenye ripoti inaweza kuonekana ndogo mno kwa sababu kampuni imeshakata ada yake kabla ya kuwatangazia riba. Hapo uliza riba ilikuwa ngapi kabla ya makato.

Hatua ya 4. Riba inavyoamuliwa. Hapa ndipo wengi hukwama, nami ningependa usiharakishe. Riba iliyotangazwa si faida ya mfuko. Hesabu zikishakamilika, wadhamini hukaa na kuamua ni kiasi gani cha faida kiingie kwenye akaunti za wanachama na kiasi gani kibaki kwenye rizavu, yaani akiba ya mfuko ambayo haijagawiwa mwanachama yeyote.

Tuseme katika zile 400 za mwanzo, 12 zilikuwa rizavu. Akaunti za wanachama zilikuwa 388. Ongeza ile nusu ya tofauti, 10, upate 398. Sasa 7.5% ya 398 ni karibu 29.9, lakini mfuko ulipata 34. Zilizobaki, kama milioni 4.1, zimeingia rizavu, ambayo imepanda kutoka 12 hadi 16.1. Kama wangegawa zote, riba ingekuwa karibu 8.5%.

Je, ni wizi? Hapana. Mwaka mbaya ukija, rizavu ndiyo itakayozuia riba kuanguka. Lakini mwanachama anayeondoka leo kwa kawaida haondoki na fungu lake la rizavu, na hapo ndipo pana ubishi halali. Tazama ripoti za miaka minne au mitano: rizavu ikipanda miaka mizuri na kushuka miaka mibaya, inafanya kazi yake. Ikipanda kila mwaka, hata mwaka ambao riba ilipunguzwa, wadhamini wana la kujibu kwenye mkutano mkuu. Waulize sera ya rizavu imeandikwa wapi na kikomo chake ni asilimia ngapi ya mfuko. Ukijibiwa "ni busara tu", omba jibu hilo liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kumbuka pia kutoa mfumko wa bei. Mwaka 2023 wastani wake Kenya ulikuwa 7.7%, kwa hivyo riba ya 7.5% mwaka huo ingekuacha nyuma kidogo.

Hatua ya 5. Stetimenti yako. Zidisha salio la mwanzo kwa riba. Michango ya mwaka hupata riba kwa miezi iliyokaa tu, kwa hivyo usitarajie 7.5% kamili juu yake. Ukiondoka kabla ya riba kutangazwa, utalipwa riba ya muda, ambayo huwa chini. Kiwango chake kitafute kwenye kanuni za mfuko kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.