Kusoma nyumba ya nne na chini ya chati: saa ya kuzaliwa kwanza, asili ya mtu baadaye

Nauandika mwongozo huu baada ya kumsaidia binamu yangu ambaye chati yake ya kuzaliwa, yaani ramani ya anga ya saa aliyozaliwa, ilimwambia mambo ya nyumbani yasiyofanana naye hata kidogo. Nyumba ya nne ni moja ya sehemu kumi na mbili za chati hiyo, na ndiyo husomwa kwa habari za makao na asili. Nitatumia majina ya nyota tuliyozoea magazetini: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa na wenzao. Kwa mfano nimechagua chati ya Barack Obama, kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kiko hadharani na saa imeandikwa: Honolulu, tarehe 4 Agosti 1961, saa 7:24 PM.

Hatua ya 1: Hakikisha saa

Hapa ndipo kazi ilipo. Sehemu ya chini kabisa ya chati, ambayo programu huiandika IC, ni mahali njia ya Jua inapokata mstari wa kaskazini na kusini chini ya miguu yetu. Inasogea karibu nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo katika saa mbili inavuka nyota nzima.

Sasa fikiria saa zetu. Shangazi alimwambia binamu yangu, "Ulizaliwa saa mbili usiku," naye akaandika 2:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Kati ya 2:00 na 20:00 za tarehe moja kuna saa 18, na IC inahama karibu nyota tisa, sawa na tatu kwa upande wa pili, na kila ulichosoma kuhusu nyumbani kinakuwa cha mtu mwingine. Kwa Obama, 7:24 PM kwetu ni saa moja na dakika 24 usiku. Mtu akiandika 1:24 PM, IC inatoka Ng'ombe inakwenda Ndoo.

Tarehe nayo ina mtego wake. Mzee wa pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa", mara nyingi anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kutua. Muulize: kesho yake watu walikwenda msikitini kuswali Ijumaa, au ilikuwa Jumamosi? Kama aliyezaliwa ni mtu mzima wa kabla ya miaka ya 1960, angalia pia programu imeweka saa ngapi mbele ya Grinichi. Afrika Mashariki haikuwa na +3 wakati wote, na tofauti ya robo saa ni nyuzi karibu nne.

Kuna njia ya kukagua bila hesabu: tafuta Jua kwenye chati. Aliyezaliwa alfajiri, Jua liwe kushoto karibu na mstari wa kuchomoza. Aliyezaliwa adhuhuri, liwe juu. Magharibi, liwe kulia. Usiku wa manane, liwe chini kabisa karibu na IC. Jua la Obama liko kulia, nyuzi chache chini ya mstari wa machweo, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mtoto aliyezaliwa jua likiwa limetua muda si mrefu. Jua la binamu yangu lilikuwa karibu na kitako cha chati, ilhali shangazi anakumbuka taa zilikuwa zimewashwa na watu wanakula chakula cha usiku. Hapo hapo tulijua saa ni mbaya.

Kama familia inakumbuka tu "kama saa mbili hivi", ikubali hali hiyo. Nusu saa huku na nusu saa kule ni nyuzi saba au nane kila upande. IC ikiangukia katikati ya nyota, unaweza kusema ni nyota ipi. Ikiwa nyuzi 2 au 28, soma nyota zote mbili, usichague ile inayokupendeza.

Hatua ya 2: Weka mahali

IC inategemea tarehe, saa na longitudo peke yake. Kijiji kisipokuwemo kwenye orodha, chagua mji ulio karibu nacho kwa upande wa mashariki na magharibi. Mimi natumia Astro.com, inatosha na ni bure.

Hatua ya 3: Tafuta IC na mwenye nyota yake

Kama haijaandikwa, chukua MC, sehemu ya juu kabisa ya chati, uende upande wa pili: nyuzi zile zile, nyota inayoikabili. MC ya Obama iko karibu nyuzi 29 za Nge, basi IC iko karibu nyuzi 29 za Ng'ombe. Mwenye Ng'ombe, yaani sayari inayoitawala nyota hiyo, ni Zuhura. Tazama alipo: mwanzoni mwa Kaa, nyota ya Mwezi.

Hatua ya 4: Tazama aliye jirani na IC

Sayari iliyo ndani ya nyuzi tano hivi za IC naipa sauti kuliko kitu kingine chochote katika habari za nyumbani. Kwa Obama ni Mwezi, nyuzi 3 za Mapacha, umbali wa nyuzi nne na nusu. Kwa hiyo mashahidi wawili wanaelekeza mahali pamoja: Mwezi uko chini ya chati, na Zuhura mwenye IC yuko kwenye nyota ya Mwezi. Mnajimu angesoma hivi: nyumbani kunashikwa na mama, au na wanawake wa upande wa mama, na kwa kuwa Mapacha ni nyota ya mwendo na ya uwili, makao hayatulii mahali pamoja.

Linganisha na maisha. Baba alitoka Kenya, mama alizaliwa Kansas, wakaachana mwaka 1964. Mwaka 1967 mtoto akahamia Indonesia na mama yake, na mwaka 1971 akarudi Honolulu kuishi na babu na bibi wazaa mama. Inaoana. Lakini maisha haya tuliyajua kabla ya kufungua chati, na ukishajua jibu ni rahisi kuliona popote. Mteja wako akija, andika usomaji wako kwanza, ndipo umuulize.

Hatua ya 5: Amua mfumo wa nyumba

Ukitumia Plasido, nyumba ya nne huanza kwenye IC, na Mwezi wa Obama umo ndani yake. Ukitumia nyumba za nyota nzima, anayechomoza ni Ndoo, nyumba ya nne ni Ng'ombe yote, na Mwezi ulio Mapacha unahamia nyumba ya tano. Mimi napenda nyota nzima kwa mambo mengine, ila kwa asili na makao naanza na IC yenyewe, kwa sababu haibadiliki ukibadili mfumo. Mwezi unabaki nyuzi nne na nusu kutoka IC, uiite nyumba ya nne au ya tano.

Hatua ya 6: Baba au mama?

William Lilly, mnajimu Mwingereza wa karne ya 17, alimpa baba nyumba ya nne. Wengi wa siku hizi wanampa mama. Mimi simpi yeyote kabla ya kuuliza: nani alishika nyumba ulipokuwa mdogo? Kwetu jibu mara nyingi ni bibi, na Mwezi au Zohali iliyo chini ya chati huanza kueleweka ukimweka yeye hapo.

Mtu akikuuliza kama nyumba ya nne inaonyesha laana ya ukoo, au kama baba aliyemlea ndiye baba mzazi, mwambie haionyeshi. Hakuna sayari inayothibitisha jambo hilo, na nimeona neno la namna hiyo likivunja udugu. Rudi kwenye maswali yanayojibika: mlihama mara ngapi, nani alibaki na funguo, na kwenu leo ni wapi.