Mkanda juu ya gauni: pima kwa vidole kwanza

Kabla ya kufunga mkanda juu ya gauni au blauzi ndefu, jipinde kidogo upande mmoja. Pale mwili unapokunjika ndipo kiuno kilipo. Pima kwa vidole kutoka hapo hadi chini ya matiti. Vikienea vinne, mkanda mpana wa sentimita 5 hadi 7 utakaa vizuri. Vikienea viwili tu, chukua mwembamba wa sentimita 2, maana mpana utagusa matiti na kiwiliwili kitaonekana kifupi mno. Ukishafunga, nyanyua mikono juu, ishushe, kisha acha kitambaa kilichochomoka kiangukie juu ya mkanda, usikivute kukirudisha. Gauni lenye mshono kiunoni halifuati kipimo hiki: mkanda lazima ufunike mshono wenyewe, la sivyo itaonekana mistari miwili.