SOMO: Jinsi ya kuweka maandishi ya dua kwenye video ya wima ili vitufe visifunike neno

Salaam wanakusini. Hili swali nimeshalijibu inboksi mpaka vidole vinauma, kuanzia Shangani, Mikindani, Lindi mjini, mpaka watu wa kwaya kule Masasi, kwa hiyo leo naliandika moja kwa moja hapa na nikiulizwa tena natuma linki tu.

Shida yenyewe iko hivi. Unatengeneza klipu ya dua, kwenye CapCut inaonekana safi kabisa, ukiiposti upande wa kulia linakuja safu la laiki, komenti na sheya, chini inakaa kapshen na jina la wimbo, na maneno yako yako nyuma yake. Ingekuwa tangazo la kiatu mtu angekisia neno lililofichwa. Dua haikisiwi. Kuna klipu moja ilinifikia imeandikwa kwa Kiswahili mistari miwili, wa juu "Hapana mola apasaye kuabudiwa", wa chini "kwa haki isipokuwa Allah", na kapshen ilikuwa imeufunika ule wa chini wote. Soma mwenyewe kilichobaki. Aliyeandika hakukosea hata herufi moja, ila aliyetazama alisoma kitu ambacho Muislamu hawezi kukitamka akaishia hapo.

1. Fungua projekti ya 9:16, yaani 1080 kwa 1920. Hili mnalijua.

2. Weka video au picha ya nyuma. Hii nayo jaza skrini yote, nyuma pakifunikwa hapana tatizo.

3. Tengeneza boksi la usalama. Hapa twende taratibu maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Kila mtandao una vitufe vyake na mahali pake, na hamtaki kutengeneza video tatu tofauti, kwa hiyo tunachukua yule mlafi kuliko wote kila upande. Meta kwenye mwongozo wao wa matangazo ya Reels wanasema uache asilimia 14 juu, 35 chini na 6 kila upande. Google kwa Shorts wanataka pikseli 288 juu, 672 chini, 192 kulia na 48 kushoto. Ukipiga hesabu, asilimia 35 ya 1920 ni hizo hizo 672, kwa hiyo chini wamekubaliana. TikTok eneo lao linabadilika kufuatana na urefu wa kapshen, ukiandika kapshen ndefu inapanda juu kula video yako, kwa hiyo kwenye klipu ya dua kapshen iwe mstari mmoja, maelezo mengine peleka kwenye komenti ya kwanza.

Sasa kushoto mimi nisingekubali hizo 48 wala asilimia 6. Simu nyingi za sasa ni ndefu, 20:9, na kuna apu zinaivuta video ijaze skrini yote. Ikivutwa hivyo, katika upana wa 1080 zinabaki 864 tu, maana yake umekatwa 108 kila upande. Na Kiswahili kinaweka kikanusho mwanzoni mwa neno. Chukua Baba Yetu, "usitutie majaribuni": ukiubandika mstari huo kushoto kabisa na pembeni pakakatwa, ile "usi" ikaondoka, inabaki "tutie majaribuni". Sala imegeuka. Kwa hiyo kushoto acha 108.

Namba za kuandika kwenye daftari ni hizi: juu 288, chini 672, kulia 192, kushoto 108. Boksi linalobaki ni upana 780 na kimo 960, nusu ya skrini kamili. Angalieni kwamba katikati ya boksi SIYO katikati ya skrini, iko pikseli 192 juu zaidi na 42 kushoto zaidi. Ndiyo maana yule anayebonyeza kitufe cha kuweka katikati halafu akaridhika huwa anashangaa maneno yamezama chini.

Tengeneza picha ya PNG ya 1080 kwa 1920 isiyo na rangi nyuma, chora hilo boksi kwa mstari mwekundu, ihifadhi kwenye simu. Kwenye CapCut iingize kama Overlay juu ya kila kitu, panga maneno ndani yake, na kabla ya kutoa video IFUTE. Usipunguze Opacity ukaiacha, ifute kabisa, la sivyo mstari mwekundu utakuja nao mpaka msikitini.

Onyo: msipige skrinshoti ya TikTok mkaiweka kama kipimo. Skrinshoti ya simu ndefu ni 1080 kwa 2400, ukiibana iingie kwenye 1920 vitufe vyote vinahama mahali pake na unapanga maneno kwa kipimo cha uongo.

4. Kata mistari kwa maana, siyo kwa nafasi. Herufi saizi ya pikseli 64 hivi, ndani ya 780 zinaingia kama herufi 24 kwa mstari. Ile kalima inakaa hivi:

Hapana mola apasaye
kuabudiwa kwa haki
isipokuwa Allah

Mistari mitatu, hakuna uliozidi herufi 19, na yote ionekane kwenye skrini kwa wakati mmoja. Usiweke "isipokuwa Allah" kwenye slaidi inayofuata eti kwa ajili ya mapigo ya kaswida, mtu akisimamisha video katikati au akipiga skrinshoti anaondoka na nusu. Dua ikiwa ndefu, kata pale ambapo ombi moja limekamilika.

5. Maandishi ya Kiarabu. Kiarabu kinaanzia kulia, na kulia ndiko kuliko na vitufe. Kwa hiyo kinachofunikwa ni neno la KWANZA la mstari, na kwenye kalima neno la kwanza ni "laa". Likifunikwa, kukanusha kumeondoka kwenye macho ya msomaji. Hizo 192 za kulia msizipunguze hata kidogo mkiwa na Kiarabu, hata kama mnaona pamebaki patupu.

6. Posti kwa faragha ujione mwenyewe tu, ikiwa na kapshen yake kamili, halafu itazame kwenye simu ndefu na simu ya zamani fupi. Kwenye ile fupi vitufe vya chini ndiyo hupanda sana juu ya video. Ukiridhika, ifungue kwa watu.

Maswali chini hapo.

---

kijana_wa_tandahimba: mkuu nipe namba tu, somo refu

Mwandishi: Hatua ya 3, aya ya nne.

binti_rasbura: Asante sana kaka. Ila naona vitufe vya kulia vinaanzia kama katikati ya skrini kushuka chini, kule juu kulia pako wazi. Siwezi kuutumia upana wote juu nikarudi ndani nikifika chini?

Mwandishi: Dada umetazama vizuri, na ni kweli safu la vitufe liko zaidi nusu ya chini. Unaweza kwa kichwa cha video, mfano "Dua ya kuingia nyumbani", ukakipeleka kulia mpaka ibaki 108 badala ya 192, maana ile ya kukatwa na simu ndefu bado ipo hata kule juu. Kwa maneno ya dua yenyewe nisingeshauri. Mistari ikiwa na pembe mbili tofauti jicho linayumba, na kwa Kiarabu ambako kila mstari unaanzia kulia msomaji anakuwa anatafuta mwanzo uko wapi.

fundi_video_nachingwea: Mbona mimi naweka katikati ya skrini siku zote na sijawahi kulalamikiwa

Mwandishi: Mistari mingapi?

fundi_video_nachingwea: mmoja au miwili

Mwandishi: Basi bahati iko upande wako. Katikati ya skrini ni 960, chini ya boksi ni 1248, unazo pikseli 288 tu kushuka. Weka mistari minane ya qunuti hapo katikati halafu uniambie.

mwanakwaya_masasi: Shikamoo mwalimu. Sisi tunarekodi sala za jumuiya, tunatumia yale maandishi yanayojitokeza yenyewe mtu akiongea. Hayo nayo yanasogezeka?

Mwandishi: Marahaba. Hapo kuna mambo mawili. Yale ya CapCut yakishatokea ni maandishi ya kawaida, unayasogeza yote pamoja mpaka ndani ya boksi, na ni lazima uyasome neno kwa neno maana Kiswahili cha sala yanakikosea, "litukuzwe" inaweza kutoka kitu kingine kabisa. Yale yanayowekwa na mtandao wenyewe baada ya kuposti, mtazamaji ndiye anayeyawasha na mahali pake hupangi wewe, kwa hiyo yazime kwenye video ya sala ambayo tayari ina maneno, yasije yakapandana. Na mstari wa "utuokoe na yule mwovu" usiukate baada ya "utuokoe".

kijana_wa_tandahimba: sasa hizo namba kwa statasi ya WhatsApp zinafaa au hazifai

Mwandishi: Zinafaa. Statasi haina safu la laiki kulia kama TikTok, lakini jina lako liko juu na kapshen na sehemu ya kujibu ziko chini. Boksi ni lile lile.

mtu_wa_kompyuta_lindi: Mimi nina video nyingi za darsa za mwaka mzima, kufungua moja moja kwenye CapCut niweke PNG ni kazi. Kuna njia ya kuzikagua haraka?

Mwandishi: Swali zuri hili. Kama una ffmpeg kwenye kompyuta, hii inachora boksi juu ya nakala, ile ya asili haiguswi:

```
ffmpeg -i dua.mp4 -vf "drawbox=x=108:y=288:w=780:h=960:color=red:t=6" -c:a copy jaribio.mp4
```

Video iwe 1080 kwa 1920 kweli, ikiwa 720 kwa 1280 namba zote zizidishe kwa mbili ugawe kwa tatu. Itazame jaribio.mp4 kwa kuisogeza mbele mbele, neno lililotoka nje ya mstari mwekundu utaliona.

ustadhi_mikindani: Allah akulipe. Naongeza jambo, hizi apu nyingine ukibandika Kiarabu herufi zinaachana au zinageuka kushoto kwenda kulia. Vijana wangu wa madrasa walishaposti hivyo.

Mwandishi: Amin shehe. Dawa yake andikeni aya kwenye Word au programu yoyote inayounganisha herufi vizuri, itoeni kama PNG isiyo na rangi nyuma, iingizwe kama picha na siyo kama maandishi. Picha herufi zake haziachani. Na nafasi kati ya mstari na mstari iwe kubwa kuliko ya Kiswahili, irabu za juu za mstari wa chini zisigongane na kasra za mstari wa juu. Kabla ya kuposti asome mtu mwenye msahafu mkononi.

binti_rasbura: Na ile Reels ikitokea kwenye ukurasa wa mwanzo imekatwa juu na chini, boksi letu linapona?

Mwandishi: Linapona. Pale inaonekana 4:5, yaani 1080 kwa 1350 ya katikati, imekatwa 285 juu na 285 chini. Sisi tunaanzia 288. Zimebaki tatu tu juu, kwa hiyo ule mstari wa kwanza usiupandishe hata kidogo.